Kupiga bei ya mbao kwa futi ya ujazo na bodi futi: mwongozo kamili

Ukiingia kutafuta mbao ngumu Keko au Buguruni jijini Dar es Salaam, bei utakazopewa haziji kwa kipimo kimoja. Mmoja anauza kwa kipande, wa pili kwa futi ya urefu, wa tatu kwa futi ya ujazo. Wanaoniuliza kuhusu mbao wengi wamechagua bei iliyosikika ndogo, kisha mbao zikifika kwa fundi ndipo hesabu inagoma.

Makosa ni yale yale mawili. La kwanza ni kugawa kwa 12 mahali panapotaka 144, au kinyume chake. La pili, ambalo ndilo linalokula hela nyingi zaidi, ni kuhesabu jina la mbao ("mbili kwa sita") badala ya mbao yenyewe iliyolala mbele yako.

Nitatumia kazi moja mwanzo hadi mwisho: mbao za mninga za fremu nne za milango, unene inchi 2, upana inchi 6. Kila fremu ina miimo miwili ya futi 7 na kichwa kimoja cha futi 3. Bei nilizoweka ni za kufanyia hesabu tu, kwa hiyo weka zako za sokoni.

## Vitu vya kuwa navyo

- Futi kamba, au tepu kama mafundi wanavyoiita, yenye inchi zinazosomeka mpaka thumuni.
- Chaki ya kuweka alama kwenye mbao uliyokwisha kupima.
- Daftari na kalamu. Kichwa hakitoshi ukishafika kipande cha kumi.
- Simu yenye kikokotoo.
- Orodha ya vipande unavyohitaji, iliyoandikwa na fundi kabla hujatoka nyumbani.

Hiyo orodha ndiyo watu huisahau. Bila orodha utanunua kwa macho, na macho hupenda mbao pana na ndefu ambazo kazi yako haizihitaji.

## Hatua ya 1: Shika vipimo vitatu na uhusiano wake

Futi ya urefu inapima urefu peke yake. Haisemi lolote kuhusu unene wala upana, kwa hiyo bei ya futi ya urefu ina maana pale tu ukubwa unapotajwa pamoja nayo.

Futi ya ujazo ni bonge la mbao lenye inchi 12 kila upande.

Bodi futi ni ubao wa unene wa inchi 1, upana inchi 12 na urefu inchi 12. Ukipanga bodi futi 12 moja juu ya nyingine unapata futi moja ya ujazo. Uhusiano huo wa 12 kwa 1 utautumia kujikagua kila wakati.

Kanuni zenyewe ni hizi, unene na upana vikiwa kwa inchi, na urefu ukiwa kwa futi:

```
bodi futi      = unene x upana x urefu / 12
futi za ujazo  = unene x upana x urefu / 144
```

Kwa nini 144? Urefu tayari uko kwenye futi. Kinachobaki ni kuugeuza unene kuwa futi, yaani kugawa kwa 12, na kuugeuza upana vivyo hivyo, yaani kugawa tena kwa 12. Mara mbili ya kugawa kwa 12 ni 144. Kwenye bodi futi unene unabaki kwa inchi, ndiyo maana unagawa mara moja tu. Ukielewa hapo huna haja ya kukariri namba gani inakwenda wapi.

Jaribu kwa mwimo mmoja: 2 × 6 × 7 ni 84. Gawa kwa 12, unapata bodi futi 7. Gawa 84 kwa 144, unapata futi za ujazo 0.583.

Utajuaje umepatia: zidisha futi za ujazo kwa 12. 0.583 × 12 inakaribia 7. Jibu lisiporudi kwenye bodi futi zako, kuna mahali umegawa vibaya. Zaidi ya hapo, weka hili kichwani: futi moja ya urefu ya mbao ya 2×6 ni bodi futi 1 kamili. Ya 1×12 pia ni 1, na ya 3×4 pia ni 1. Ukiwa umesimama sokoni bila kikokotoo, utapima mengine kwa kulinganisha na hizo.

## Hatua ya 2: Geuza vipande vya inchi kuwa desimali

Tepu inasoma robo na thumuni, kikokotoo kinataka desimali. Thumuni moja ni 0.125, robo ni 0.25, nusu ni 0.5, robo tatu ni 0.75. Inchi moja na robo tatu inaandikwa 1.75.

Urefu ndio unaowapoteza wengi. Futi 6 na inchi 9 si 6.9. Futi ina inchi 12, si 10, kwa hiyo unachukua 9 ÷ 12 ambayo ni 0.75, na urefu unakuwa futi 6.75. Anayeandika 6.9 amelipia karibu inchi mbili za mbao ambazo hazipo, kwenye kila kipande. Kwa inchi 3 ongeza 0.25, kwa inchi 6 ongeza 0.5, kwa inchi 9 ongeza 0.75.

Na usizidishe urefu ukiwa kwenye inchi kisha ukagawa kwa 144. Ukipata mwimo wa fremu wenye futi 7 za ujazo, jua hilo limetokea. Mbao ya namna hiyo mtu mmoja hawezi kuinua.

## Hatua ya 3: Pima mbao, usipime jina lake

Hapa ndipo pesa inapopotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Unene. Pima sehemu tatu: ncha mbili na katikati. Mbao iliyopasuliwa porini kwa msumeno wa mnyororo mara nyingi inapanda na kushuka, hapa inchi 2, pale inchi 1.75. Kinachohesabika ni sehemu nyembamba kuliko zote, kwa sababu fundi akipiga randa ataiteremsha mbao nzima mpaka pale. Kinachozidi hapo kitaondoka kuwa maranda.

Upana. Mbao ngumu nyingi hazina upana mmoja. Ncha moja inchi 8, nyingine inchi 6, kwa kuwa gogo lenyewe lilikuwa linachongoka. Kabla hujataja bei, kubaliana na muuzaji mnapimia wapi. Mazungumzo yanakwenda hivi:

"Kaka, hizi upana tunapimia wapi?"

"Tunapimia upande mpana, bosi. Kila mtu anapima hivyo."

"Mimi kazi yangu ni fremu, upande mpana nitaukata wote. Tupimie upande mwembamba, au tukutane katikati."

Kupimia katikati kunatoa ujazo halisi wa ubao unaochongoka. Kupimia upande mwembamba kunatoa ujazo utakaoutumia kwenye kazi yenye upana mmoja kama fremu. Kupimia upande mpana kunamfaa muuzaji peke yake. Ukiingia kwenye hesabu bila kulisema hili, limeshaamuliwa bila wewe.

Kwenye mninga kuna jambo la ziada. Sehemu nyeupe ya pembeni si sawa na moyo wa kahawia. Wadudu huianza hiyo kwanza. Kama ubao wa inchi 6 una inchi nzima nyeupe, kwa kazi ya kudumu una inchi 5. Mwambie muuzaji hivyo, na umwonyeshe kwa kidole.

Urefu. Pima kutoka mahali mbao inapoanza kuwa nzima. Ufa wa ncha hautibiki, unakatwa. Ubao wa futi 7 wenye ufa wa inchi 6 mwishoni ni ubao wa futi 6.5, na kwa mwimo wa futi 7 haukufai hata ukipewa kwa punguzo.

Maji. Mbao mbichi hunywea kwenye unene na upana, ila urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Ukilipia inchi 2 za mbao mbichi, wiki kadhaa baadaye utapima pungufu. Mninga unasifika kwa kunywea kidogo. Paini iliyotoka msumenoni juzi ni habari nyingine. Mbao mbichi ni nzito kuliko wenzake wa ukubwa huo, na ukiweka kiganja unaisikia baridi. Ukiinunua, dai ipasuliwe zaidi kidogo ya kipimo au bei ishuke.

Kila unayomaliza kuipima, iandike vipimo vyake kwa chaki kwenye ncha, kisha iandike kwenye daftari.

Utajuaje umepatia: muuzaji akipima ubao wowote kati ya uliotia alama, anapata namba ulizoandika.

## Hatua ya 4: Jumlisha mahitaji kabla ya bei

Rudi kwenye fremu zetu nne.

Miimo 8 ya futi 7: kila mmoja ni bodi futi 7, jumla 56. Vichwa 4 vya futi 3: 2 × 6 × 3 ÷ 12 ni bodi futi 3, jumla 12. Zote pamoja ni bodi futi 68, sawa na futi za ujazo 5.67.

Lakini husombi bodi futi, unasomba vipande. Sokoni ukikuta 2×6 za futi 7 peke yake, vichwa vinne vitatoka kwenye vipande viwili, kila kipande kikitoa vichwa viwili na kuacha futi moja. Kwa hiyo unalipia vipande 10, yaani bodi futi 70. Hizo mbili za ziada ni za kazi hii, si hasara ya kumlaumu mtu.

Usipange kupata vipande vinne vya futi 3 kamili kutoka kwenye ubao wa futi 12 kamili. Msumeno unakula njia yake kila unapopita, na kipande cha mwisho kitapungua.

Ukiwa na vipimo tofauti tofauti, lijaze jedwali kwenye simu: unene safu A, upana B, urefu C, idadi D. Kisha andika:

```
=A2*B2*C2*D2/144
```

Hiyo inakupa futi za ujazo. Kwa bodi futi badilisha 144 iwe 12.

## Hatua ya 5: Leta bei zote kwenye kipimo kimoja

Wauzaji watatu wamekupa bei hizi kwa mninga wa 2×6:

- Wa kwanza: shilingi 42,000 kwa kipande cha futi 7.
- Wa pili: shilingi 5,500 kwa futi ya urefu.
- Wa tatu: shilingi 64,000 kwa futi ya ujazo.

Geuza zote kuwa bei ya bodi futi.

Kwa wa kwanza, kipande ni bodi futi 7, kwa hiyo 42,000 ÷ 7 ni 6,000. Kwa wa pili, futi moja ya 2×6 ni bodi futi 1, kwa hiyo bei inabaki 5,500. Kwa wa tatu, 64,000 ÷ 12 ni takriban 5,333.

Kwa karatasi, wa tatu ndiye nafuu na wa kwanza ndiye ghali. Wengi huishia hapa na kulipa.

Sasa weka vipimo ulivyochukua kwa tepu. Tuseme umekuta hivi.

Mbao za wa kwanza zina inchi 2 kwa 6 kamili, zimenyooka, ncha nzima. Bei yake haibadiliki: 6,000.

Mbao za wa pili bado zina alama za msumeno, hazijaguswa na randa, lakini unene ni 1.75 na upana 5.5. Futi moja ya urefu ni 1.75 × 5.5 ÷ 12, yaani bodi futi 0.802. Gawa 5,500 kwa 0.802, unapata karibu 6,860 kwa bodi futi. Aliyekuwa nafuu sasa amempita wa kwanza. Na fundi akishapiga randa, hiyo 1.75 itashuka tena.

Angalizo hapa: mbao iliyokwisha kupigwa randa lazima iwe pungufu ya jina lake, na huo si udanganyifu. Ila ilinganishe na mbao ghafi baada ya kuijumlisha ghafi gharama ya randa.

Mbao za wa tatu zinachongoka, inchi 8 ncha moja na 6 ncha ya pili, naye anapimia upande mpana. Kipande cha futi 7 anakihesabu 2 × 8 × 7 ÷ 144, yaani futi za ujazo 0.778, na bei yake inakuja karibu 49,800. Wewe unataka 2×6 ya futi 7 kutoka humo. Kipande hicho hicho kwa muuzaji wa kwanza ni 42,000.

Akikubali kupimia upande mwembamba, hesabu inakuwa 0.583 × 64,000, karibu 37,300 kwa kipande, na hapo kweli ndiye nafuu kuliko wote. Bei yake ya futi haijasogea hata shilingi. Kilichosogea ni mahali tepu ilipowekwa.

Utajuaje umepatia: unaweza kumjibu kila muuzaji kwa sentensi moja, "Kwako bodi futi inatoka shilingi kadhaa," na asikupinge kwa hesabu.

## Hatua ya 6: Ukipewa bei kwa mita za ujazo

Viwanda vikubwa na nyaraka za misitu hutumia mita. Futi za ujazo 35.3 zinatimiza mita moja ya ujazo, kwa hiyo gawa bei ya mita kwa 35.3 upate ya futi. Shilingi 1,200,000 kwa mita ya ujazo ni karibu 34,000 kwa futi ya ujazo, na karibu 2,830 kwa bodi futi.

Mbao ikitajwa kwa milimita, igeuze iwe mita kwanza: 50 × 150 yenye urefu wa mita 2.1 ni 0.05 × 0.15 × 2.1, yaani mita za ujazo 0.01575. Watu huichukulia kuwa ni 2×6 ya futi 7. Inakaribia, lakini ujazo wake ni pungufu kwa takriban asilimia 5, kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, si 25. Kwa vipande vitatu hutaona. Kwa lori utaona.

## Hatua ya 7: Kama wewe ndiye muuzaji

Bei moja ya bodi futi inakupa bei za saizi zote. Ukiuza 6,000 kwa bodi futi, futi ya urefu ya 2×4 ni 4,000, ya 2×6 ni 6,000 na ya 2×8 ni 8,000. Mteja akikuuliza saizi ambayo huna kawaida ya kuuza, hubahatishi.

Ila usiitumie bei hiyo kila mahali kwa upofu. Futi ya 1×8 kwa hesabu ni 4,000 sawa na ya 2×4, lakini ubao mwembamba umepita msumenoni mara nyingi zaidi. Ukipasua ubao wa inchi 2 katikati kwa msumeno unaokula robo inchi, hupati mbili za inchi 1. Unapata mbili za inchi 0.875, na thumuni ya ujazo imekwenda kuwa unga. Ama uziuze kwa unene wake wa kweli, ama upandishe bei ya bodi futi kwa mbao za inchi moja na umwambie mteja sababu.

Mbao pana nazo zina bei yake. Ubao mzima wa inchi 12 unahitaji gogo nene, na magogo manene ya mninga ni adimu. Mnunuzi anayekuta bodi futi ya ubao mpana iko juu kuliko ya 2×4 asidhani ameibiwa.

## Hatua ya 8: Kufunga hesabu

Jumlisha nauli, upakiaji na randa, kisha gawa jumla yote kwa bodi futi utakazotumia kweli, si ulizolipia. Kwa muuzaji wa kwanza, vipande 10 ni 420,000. Weka mfano wa nauli na upakiaji 40,000, inakuwa 460,000. Ukigawa kwa bodi futi 68 za fremu, kila moja imekufikia karibu 6,765. Hiyo ndiyo namba ya fundi kumpigia mteja wake, wala si ile 6,000.

Hesabu vipande vikipakiwa, ukiangalia alama zako za chaki. Kipande kisicho na alama hukukipima, kishushe. Risiti iandikwe aina ya mti, unene, upana na urefu halisi, idadi ya vipande, jumla ya ujazo na bei ya kipimo kimoja. Kwa mbao ngumu, uliza pia hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa sababu mzigo usio na karatasi unaweza kukamatwa njiani. Risiti inayosema "mbao 10 za mninga, 420,000" tu, mwombe aiandike upya kabla gari halijawashwa.